Mahojiano ya kazi kwa Zoom: kusoma vijiti, maiki nyekundu na "Reconnecting"

Mahojiano yanapokwama kwenye Zoom, kioo huonyesha mambo matatu karibu kwa pamoja. Vijiti vya mtandao vimepungua, maiki imechorwa mstari mwekundu, na katikati pameandikwa Reconnecting. Anayehojiwa huyasoma yote kama jambo moja, kwamba mtandao umepotea, kisha anaanza kubonyeza ovyo. Anazima waifai, anatoka mkutanoni, anaiwasha kompyuta upya huku jopo likimsubiri. Nina saiba karibu na Thika Road. Wengine huja kufanyia mahojiano hapo, na wengine huja baada ya mahojiano ya nyumbani kuwaharibikia, wakitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Karibu kila mara kosa huwa katika sehemu moja tu, na kioo kilikuwa kimeionyesha.

Sauti yako ina vipande vitatu vya safari. Cha kwanza kimo ndani ya kompyuta: maiki, mipangilio ya kompyuta, na Zoom yenyewe. Cha pili ni kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, au hadi kwenye simu uliyoiwasha hotspoti. Cha tatu ni kutoka kwenye ruta au simu hiyo kwenda kwa mtoa huduma, na mbele zaidi mpaka kwa anayekuhoji. Alama ya maiki inahusu kipande cha kwanza peke yake. Vijiti vya waifai kwenye kompyuta vinahusu cha pili peke yake. Reconnecting nayo inasema tu kwamba Zoom imeshindwa kuzifikia seva zake. Haisemi njia imekatika wapi, na hiyo ndiyo sababu watu wengi huirekebisha sehemu isiyo na shida.

## Uso umeganda: ni mtandao wako au wao?

Hili liamue kabla ya kugusa kitu chochote. Kama jopo lina watu watatu na mmoja ameganda huku wengine wakisogea na kusikika, shida ni ya huyo mmoja. Kama wote wameganda kwa wakati mmoja na sauti imekufa, shida iko kwako.

Mnapokuwa wawili tu, hakuna mtu wa tatu wa kumlinganisha naye, kwa hiyo tafuta maandishi. Zoom huandika "Your internet connection is unstable" kwenye kioo cha yule ambaye mtandao wake ndio unaoyumba. Google Meet huandika "You lost your network connection. Trying to reconnect." Ukiyaona maneno hayo, anayeambiwa ni wewe. Lakini alama ya mtandao mbovu ikitokea ndani ya kisanduku chenye jina la anayekuhoji, basi inamhusu yeye, na mtandao wako hauna neno.

Shida ikiwa yao, usibadilishe chochote. Nimewahi kumwona kijana akizima waifai nzuri kabisa kwa sababu bosi wa upande wa pili alikuwa ndani ya gari. Andika tu kwenye Chat: "Sauti yenu imekatika kidogo upande wangu, nipo, nasubiri." Maandishi mafupi hupita hata pale video isipopita.

## Vijiti vimejaa, lakini Zoom inasema Reconnecting

Malalamiko haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, na hapa ndipo watu hupotea kabisa. Kisa kimoja kinaeleza vizuri.

Binti mmoja wa Kasarani alikuwa na mahojiano ya kazi ya uhasibu saa nne asubuhi. Waifai ya ploti yao haiaminiki, kwa hiyo akatumia hotspoti ya simu yake, simu ya kawaida ya Android yenye laini mbili. Alikuwa na bando la kutosha. Simu aliiweka mezani karibu na kompyuta, na akaizima sauti kwa Do Not Disturb ili asisumbuliwe. Hata hivyo Zoom ilimkatikia mara tatu. Alipokuja kwangu alikuwa ameshaamua mkosaji ni nani.

"Kaka, waifai ilikuwa imejaa mpaka juu na bando nilikuwa nalo. Ni Zoom tu mbovu."

Sikuitazama kompyuta. Nilimwomba simu, nikafungua orodha ya simu zilizoingia. Mama yake alikuwa amempigia saa 10:06, 10:19 na 10:31, kumuuliza kama ameanza. Kisha tukafungua WhatsApp, kwa kuwa kila alipokatika alikuwa amemwandikia ofisa wa ajira kuomba radhi. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa saa 10:07, wa pili 10:20, wa tatu 10:32. Kila Reconnecting ilitanguliwa na simu ya mama.

Sababu yake ni hii. Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya data. Simu ya kawaida ya kupiga na kupokea, kama haipiti kwa njia inayoitwa VoLTE, lazima ipite kwenye 3G au 2G. Kwa hiyo anapokupigia mtu, mtandao unaiamuru simu yako ishuke kutoka 4G ili iipokee simu hiyo. Wakati wa kushuka, data inasimama kwa sekunde kadhaa. Ikishukia 3G, data inaendelea lakini kwa mwendo wa taratibu. Ikishukia 2G, kwa kawaida data inasimama kabisa mpaka anayepiga akate. Halafu simu haipandi 4G papo hapo, inaweza kukaa chini kwa muda hata baada ya mlio kuisha. Zoom huku inaona ukimya, inaandika Reconnecting.

Do Not Disturb haisaidii hapa, na hilo ndilo lililomshangaza. Kazi yake ni kuzuia mlio usikusumbue wewe. Simu yenyewe bado inaingia, na chombo bado kinashuka kwenda kuipokea. Vijiti vya waifai kwenye kompyuta vilibaki vimejaa muda wote kwa sababu vinapima nguvu ya waifai kati ya kompyuta na simu iliyo mezani, na umbali huo ni chini ya mita moja. Kipande cha tatu ndicho kilichokuwa kinakatika, na vijiti hivyo havikijui kabisa.

Tulilijaribu pale pale. Kompyuta yake ilikuwa kwenye hotspoti yake, nikafungua dirisha la Command Prompt na kuandika:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Amri hii hutuma ujumbe mdogo kwenda kwenye seva ya Google kila baada ya sekunde moja hivi na kuonyesha jibu limechukua muda gani. Majibu yalikuwa yanarudi vizuri, yakikaribiana. Nikapiga namba yake kutoka kwenye simu yangu. Maandishi ya 4G juu ya kioo cha simu yake yakageuka H+, yaani imeshuka 3G, na kwenye kompyuta ikaanza kutoka "Request timed out." mstari baada ya mstari. Kisha majibu yakarudi, ila yakichukua muda mrefu mara kadhaa kuliko mwanzo. Nilipokata, ilipita kitambo kabla ya 4G kurudi. Ukitaka kuisimamisha amri hiyo, bonyeza Ctrl+C.

Jaribio hili hata bila kompyuta unaweza kulifanya mwenyewe kabla ya siku ya mahojiano. Mwombe mtu akupigie, pokea, halafu tazama juu ya kioo. 4G ikibaki pale pale huku mkiongea, simu yako inatumia VoLTE na uko salama. Ikigeuka 3G, H, H+ au E, hotspoti yako itakatika kila mtu atakapokukumbuka.

Dawa ya kwanza ni kutafuta VoLTE kwenye mipangilio ya laini ndani ya simu na kuiwasha. Simu nyingi mpya zinayo, ingawa huenda isifanye kazi kwa kila laini, na ndiyo maana nasema jaribu badala ya kuamini kitufe. Simu ya binti huyu ilikuwa nayo, imezimwa tu. Tulipoiwasha nikampigia tena, 4G haikuondoka na ping haikupoteza hata jibu moja.

Tulipopiga ile laini yake ya pili, data ilisimama tena. Simu nyingi za laini mbili hutumia redio moja kwa zamu, kwa hiyo simu ikiingia kwenye laini ya pili, data ya laini ya kwanza hungoja. Hapo hakuna ujanja mwingi. Nenda kwenye mipangilio uizime laini ya pili kabisa mpaka mahojiano yaishe.

Kama simu haina VoLTE, hamisha simu zote zinazoingia ziende kwenye chombo kingine. Kwenye sehemu ya kupigia namba unaandika `**21*` ikifuatwa na namba ya kupokea, kisha `#`, halafu unapiga. Namba hiyo iwe ya simu ambayo iko nawe mezani, hata kabambe ya tochi inatosha. Usihamishie kwa ndugu aliye mbali, kwa sababu Zoom ikikatika kabisa, ofisa wa ajira anaweza kukupigia kwenye namba uliyoandika kwenye barua ya maombi, na lazima uwe wewe utakayepokea.

## Ishara ileile, sababu nyingine

Si kila Reconnecting yenye vijiti vilivyojaa ni simu ya mama. Kama hakuna aliyekupigia, angalia bando kwanza. Bando za saa moja zina mtego wake. Ukinunua saa nne kasoro kumi kwa ajili ya mahojiano ya saa nne, linaisha saa tano kasoro kumi, na mahojiano ya watu wanaopenda kuuliza "je, una swali lolote kwetu?" mara nyingi bado hayajaisha. Bando likiisha, vijiti havipungui na 4G haiondoki, kwa sababu mnara bado unaiona simu yako. Ni data tu iliyofungwa. Kwa laini ya Safaricom, `*544#` ndiyo menyu ya bando, na unaweza kukagua salio kabla hujaanza. Video ya watu wawili kwenye Zoom kwa ubora mzuri hutumia takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kwa saa nzima hiyo ni karibu MB 540, kwa hiyo bando la GB 1 linatosha kwa ukubwa. Kinachowaangusha watu ni saa.

Kama uko kwenye waifai ya nyumbani, sogea uitazame ruta. Kwa waya wa faiba, kisanduku cha mtoa huduma huwa na taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje. Huenda waya umekatwa barabarani au umekunjwa nyuma ya kabati. Kuizima na kuiwasha ruta hapo ni kupoteza dakika ambazo huna. Hamia hotspoti mara moja.

Waifai ya ploti, ile ya kugawana ghorofa nzima, ndiyo ngumu zaidi kuisoma, kwa kuwa inaweza kukwama kwenye kipande cha pili au cha tatu na dalili zikafanana. Hapa ping mbili hutenganisha. Kwanza andika `ipconfig` uone namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta. Tuseme ni 192.168.1.1, basi:

```
ping -n 30 192.168.1.1
ping -n 30 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaishia kwenye ruta, ya pili inatoka nje. Kama hata ya kwanza inapoteza majibu, kuna ukuta au umbali mkubwa kati yako na ruta, au waifai za majirani zimejaa hewani. Sogea karibu, au tumia kebo. Kama uko chumba kimoja na ruta, chagua jina la waifai lenye 5G mwishoni, kwa kuwa huko majirani huwa wachache, ila mawimbi yake hayapendi kuta. Kama ya kwanza ni safi na ya pili ndiyo inayoyumba, kusogea hakutakusaidia kitu. Ama laini ya mwenye ploti imezidiwa na watu, ama shida iko kwa mtoa huduma. Kwa Zoom, kinachotakiwa ni jibu kurudi ndani ya milisekunde 150 au chini, na yanayopotea yasizidi asilimia 2. Kati ya majibu 30, moja likipotea tayari umepita hapo.

## Wewe unawasikia vizuri, wao wanasema unakatika

Dalili hii huwafanya watu wabishane na jopo: "Lakini mimi nawasikia!" Kuwasikia si ushahidi. Data inayoshuka kwako na inayopanda kutoka kwako ni njia mbili tofauti, na ya kupanda ndiyo dhaifu.

Simu yako hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi takriban wati 0.2. Mnara hurusha kwa makumi ya wati. Ni kama mhubiri mwenye kipaza sauti pale Jeevanjee akizungumza na mtu anayemjibu kwa kunong'ona: huyu wa pili anasikia kila neno na bado hasikiki. Vijiti vya mtandao kwenye simu hupima jinsi mnara unavyokufikia wewe, havipimi jinsi wewe unavyoufikia mnara. Ndiyo maana unaweza kuwa na vijiti vitatu ndani ya nyumba ya chini ya ghorofa, umezungukwa na saruji, ukiwasikia vizuri wakati wao wanapata nusu ya sentensi zako.

Dawa ni kupunguza unachopandisha. Zima video yako. Sauti peke yake kwenye Zoom inahitaji kilobiti 60 hadi 80 tu kwa sekunde, karibu sehemu moja ya nane ya video. Watu wengi hubonyeza Hide Self View wakidhani wamezima video. Hiyo inakuficha kwenye kioo chako tu, na picha inaendelea kupanda kama kawaida. Unachotaka ni Stop Video, au Alt+V kwenye Windows.

Usizime kimyakimya. Jopo lisilojua huona mtu aliyejificha. Sema, au andika kwenye Chat: "Mtandao wangu unayumba. Naomba kuzima video ili mnisikie vizuri, nitaiwasha ukitulia." Kwa uzoefu wangu hakuna anayekataa. Kisha kama ni hotspoti, ipeleke simu dirishani na uiache huko. Kompyuta inaweza kubaki ilipo, kwa kuwa waifai ya mita chache haina shida. Watu hufanya kinyume. Wanaibeba kompyuta kuzunguka nyumba nzima na kuiacha simu chini ya mto.

## Maiki: nyekundu, wazi lakini bubu, au haipo kabisa

Maiki haina uhusiano wowote na vijiti, kwa hiyo ukiona shida ya maiki usiguse mtandao.

Ikiwa na mstari mwekundu, umezimwa ndani ya Zoom. Bonyeza Alt+A. Kwenye Google Meet ni Ctrl+D, na kwenye Microsoft Teams ni Ctrl+Shift+M. Ukibonyeza na ikakataa kufunguka, mwenye mkutano amewazima wote na hajaruhusu mjifungulie. Inua mkono kwa Raise Hand au andika kwenye Chat, kisha subiri ujumbe wa kukuomba ufungue. Ukiuona, ukubali.

Ikiwa haina mstari na bado hawakusikii, sema maneno mawili huku ukiitazama. Kwenye Zoom, alama ya maiki hujaa rangi ya kijani kadiri unavyoongea. Kijani kikipanda na kushuka, kompyuta inakusikia, kwa hiyo tatizo liko mbele: mtandao wako wa kupanda au spika zao. Kijani kisipocheza kabisa, sauti haijafika hata kwenye Zoom. Kagua swichi ndogo kwenye waya wa hedifoni. Kagua pia kitufe cha kuzima maiki kwenye kibodi, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisini zilizouzwa tena mjini zinacho, na huwa na kitaa kidogo kinachowaka maiki ikiwa imezimwa. Halafu bonyeza mshale mdogo kando ya maiki uone Zoom imechagua maiki gani. Jibu la kuchekesha ambalo hukutana nalo sana ni hedifoni za Bluetooth zilizo ndani ya mkoba, zikiwa zimewaka, zikirekodi giza la mkoba.

Na kama pale pa maiki hapana maiki, bali pameandikwa Join Audio, hujazimwa. Hujaingia kwenye sauti kabisa, na Alt+A haiwezi kukusaidia. Ibonyeze, uchague sauti ya kompyuta. Kwenye simu chagua Wifi or Cellular Data.

## Umerudi, lakini si kama ulivyoondoka

Reconnecting ikitokea, iache Zoom ijaribu yenyewe. Ukibadilisha kutoka waifai kwenda hotspoti wakati huo, mara nyingi itajirudisha bila wewe kubofya kitu. Ukiona imekaa karibu nusu dakika na ping pia haijibu, mtandao haupo, kwa hiyo tengeneza mtandao kwanza ndipo uingie tena kwa kiungo. Kuingia tena kwenye mtandao uleule uliokufa kutakupa Reconnecting nyingine tu.

Anayeingia upya kwa kiungo hukuta mambo mawili. Anaweza kuwekwa kwenye Waiting Room mpaka mwenye mkutano amfungulie, na jopo likiwa katikati ya mazungumzo huenda lisione kwamba yuko mlangoni. Mtumie ofisa wa ajira ujumbe: "Nimerudi, nipo kwenye Waiting Room." Pili, huenda ukaingia bila sauti au ukiwa umezimwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuomba radhi, tazama maiki.

Wengine huingia pia kwa simu kama akiba, kompyuta ikiwa bado imo. Vyombo viwili vyenye sauti katika chumba kimoja huzaa mwangwi na mlio mkali masikioni mwa jopo. Kama lazima, kimoja kisiingizwe sauti kabisa.

## Nusu saa kabla

Fungua zoom.us/test kwenye kompyuta na mtandao uleule utakaotumia. Utasikia sauti ya majaribio, kisha utaongea na kujisikia. Ukipita hapo, kipande cha kwanza hakina shida. Washa hotspoti mara moja na uunganishe kompyuta nayo hata kama utatumia waifai ya nyumbani, ili nenosiri liwe limehifadhiwa. Stima ikipotea, ruta huzima papo hapo lakini kompyuta yenye betri na simu hubaki, na hapo ndipo utakapoishukuru hotspoti iliyokwisha kujulikana. Nunua bando linalopita muda wa mahojiano kwa saa moja au zaidi. Zima laini ya pili, hamisha simu kama VoLTE haipo, na umwambie mama kwamba utampigia wewe.

Mahojiano yakiisha, piga `##21#` ili simu zirudi kwenye namba yako. Binti wa Kasarani alipewa nafasi ya kuhojiwa tena wiki iliyofuata. Siku hiyo, licha ya VoLTE, alikuwa amehamisha simu pia kwa wasiwasi. Hakukatika, ila alisahau kuzirudisha. Simu ya ofisa wa ajira kuhusu matokeo iliingia kwenye kabambe iliyokuwa imezimwa ndani ya droo.